Nakala kwa Mdhamini

Barua yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa imeandikiwa mwenzangu, na jina langu lilikuwa chini, baada ya sahihi ya meneja, kwenye orodha ya watu watatu wa kupewa nakala. Niliisomea pale pale kwa mwenye duka anayetupokelea barua hapa Ruiru, nikiwa nimesimama, mfuko wa unga kwapani.

Ilisema kwamba mkopo wake katika Sacco yetu ya akiba na mikopo ya wafanyakazi haujalipwa kwa miezi mitano mfululizo. Alipewa siku thelathini alipe malimbikizo yote. Akishindwa, Sacco itachukua akiba yake, na ikiwa haitoshi, itachukua akiba ya wadhamini wake. Nilirudia neno moja mpaka mwenye duka akaniuliza kama kuna msiba. Wadhamini. Mimi ndiye wa kwanza kwenye ile orodha.

Mkopaji huyo nilimjua kuliko nilivyowajua ndugu zangu wengine. Tulishona pamoja kiwandani Thika miaka kumi na tisa, yeye upande wa kola, mimi upande wa mikono ya shati, cherehani zetu zikipakana. Mume wake alipofariki nilikesha kwake Makongeni siku nne. Alipotaka mkopo wa kumalizia karo ya mwanawe wa mwisho, hakunibembeleza. Alinisukumia fomu wakati wa chakula cha mchana, nikaweka sahihi huku nikitafuna, na kitambulisho nikampa akatoe kopi mwenyewe.

Sasa mimi nilikuwa nimestaafu, na akiba yangu yote ya miaka hiyo ilikuwa na kazi yake. Nilikuwa na kiploti Mwiki, na juu yake vyumba viwili vya kupangisha, kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango. Kilichobaki ni mbao na mabati. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ingekuwa mshahara wangu wa uzeeni, maana watoto wangu wana watoto wao. Mwezi wa saba nilikuwa nimeiandikia Sacco kwamba najiondoa, wanipe akiba yangu. Wakaniambia vizuri tu kwamba mdhamini haondoki mpaka mkopo uishe au apatikane mtu mwingine wa kusimama mahali pake. Nikamwambia mwenzangu atafute mtu. Akasema ametafuta, amempata mmoja, wanangojea tu mtu huyo amalize mkopo wake mdogo. Nilikaa nikihesabu wiki.

Halafu ikaja barua hii. Mkopo ukishachelewa hivyo, habadilishwi mdhamini. Mlango ulikuwa umefungwa nikiwa ndani.

Nilimpigia simu kabla sijafika nyumbani.

"Umepata barua?" nikamuuliza. Hata habari sikumpa.

"Nimeipata jana. Hata mimi sielewi, wee mama. Nimelipa."

"Umelipa nini na hapa wameandika miezi tano?"

"Nimelipa kila mwezi. Haki ya Mungu. Na simu."

"Sasa Sacco ndiyo inadanganya?"

"Sijasema wanadanganya. Nimesema nimelipa."

Nilikata simu. Wale walioajiriwa pamoja nami watakuambia, mimi ni mtu wa kuwaka. Naweza kuwa na haki asubuhi nikaipoteza kabla ya chai ya saa nne. Na hapo nilikuwa na sababu: yeye aliachishwa kazi mwezi wa tatu, kiwanda kilipopunguza watu. Zamani mkopo ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kabla haujauona. Sasa alikuwa akiuza mboga na kurekebisha nguo za watu kibarazani. Nilijiambia kwamba mtu wa mboga hawezi kutoa elfu tisa na mia tisa kila mwezi, na kwamba anaona haya kusema. Hilo la kuona haya ningeweza kulisamehe. Kudanganywa siwezi.

Kesho yake nilipanda kwenda Thika. Ofisi ya Sacco iko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi zake zinanuka dawa hizo mpaka mlangoni. Dirishani alikuwa kijana mwenye tai, mpya kwangu.

"Nataka kujua huyu mtu amebakisha pesa ngapi," nikasema, nikiweka ile barua mbele yake.

"Cucu, hiyo siwezi kukwambia na mdomo. Ni account ya mtu."

"Mimi si cucu yako, si nyanya ya mtu hapa. Mimi ni mdhamini. Mnataka kuchukua pesa yangu na hamtaki kuniambia ni ngapi?"

"Nimekuelewa, mama. Una haki ya kujua. Lakini uandike barua. Mdhamini akiandika, lazima tumjibu kwa maandishi, na loans officer, yule wa mikopo, atie sahihi. Hata wewe itakusaidia baadaye."

Nilitaka kuendelea kugomba lakini nilijua amesema kweli, na hilo huniudhi zaidi. Aliniambia niandike nini. Niliketi kwenye benchi, nikamwomba karatasi, nikaandika kwa ule mwandiko wangu ninaojivunia.

Niliandika kwamba mimi, mwanachama namba fulani, ni mdhamini wa mwanachama namba fulani, na nimepata nakala ya notisi ya kuchelewa kulipa. Nikaomba nipewe hali ya akaunti hiyo ilivyo leo: salio la mkopo, malimbikizo, riba na faini zilizoongezwa, siku ya malipo ya mwisho, na akiba aliyonayo mkopaji mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotangulia kuchukuliwa. Nikaomba nijulishwe wadhamini tuko wangapi, kila mmoja amedhamini kiasi gani, na sehemu yangu itakuwa ngapi ikifika huko. Mwishoni nikaomba wasiguse akiba yangu kabla sijajibiwa. Kijana aliigonga muhuri, akaandika tarehe, akanipa kopi yangu.

"Siku saba," akasema. "Na ukipata hiyo statement, mama, ni yako ya kujua tu. Si ya kusomea watu."

"Kwani mimi ni redio?" nikamjibu. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi tangu siku hiyo.

Zile siku za kungoja sikuwa mtu wa kukaa naye. Fundi wa mabati alinipigia mara mbili akitaka kujua kama aje au achukue kazi nyingine Kahawa Sukari. Nilienda Mwiki kutazama kuta zangu na nikakuta mtu ameanza kuanika nguo juu yake. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wakati ule niliita hofu hiyo hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka nilikoenda.

Jibu lilitoka siku ya sita, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mkopo. Salio lilikuwa laki mbili na ushee. Malipo ya mwisho ni mwezi wa tatu, yale yaliyokatwa kwenye mshahara wake wa mwisho. Tangu hapo mstari baada ya mstari ulikuwa na riba na faini tu. Hakuna hata shilingi iliyoingia. Walieleza kwamba akiba yake itachukuliwa kwanza, na kitakachopungua kitagawanywa kwetu sisi watatu kulingana na tulivyodhamini. Sehemu yangu haikuwa kubwa kama nilivyoogopa, lakini mpaka hayo yaishe, kujiondoa kwangu kungebaki kumesimama.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa akiba yake. Hapo nikakaa chini.

Akiba ilikuwa inaongezeka. Mwezi wa nne, elfu tisa na mia tisa. Mwezi wa tano, elfu tisa na mia tisa. Wa sita, wa saba, wa nane, kila mara kati ya tarehe moja na tano. Mwanamke huyu aliyeniapia kwa jina la Mungu alikuwa akichukua kiasi kile kile cha mkopo na kukiweka kwenye akiba yake mwenyewe, huku mkopo niliouwekea sahihi ukioza. Nilisema peke yangu jikoni, "Haiya! Kumbe ni hivyo!" Niliona ameshapiga hesabu zake: akiba yake inazaa gawio mwisho wa mwaka, na vyumba vyangu vinaendelea kuanikiwa nguo.

Ningempigia simu. Mtu mwenye akili angempigia simu. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho yake, na Jumamosi ndiyo siku ya chama chetu cha wanawake, kumi na wawili, wengi wa kutoka kiwandani. Zamu ilikuwa kwa mmoja wetu hapa hapa Ruiru. Mwenzangu alikuja na pakiti ya sukari ya mwenye nyumba, akakaa karibu na mlango kama kawaida yake.

Tulipofika kwa mengineyo, nikasimama. Kwanza nilisema sitataja mtu. Nikasema kuna mtu humu ndani tunamwita dada, amekopa kwa akiba ya wengine, halipi, na pesa anazo. Anaziweka akiba. Nikatoa ile karatasi kwenye mkoba, nikasoma miezi na kiasi, mstari kwa mstari, na kila mtu akaangalia mlangoni, kwa sababu nilikuwa namtazama yeye.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hizo pesa nimelipa loan."

"Loan gani na hii hapa ni akiba? Unaona hii? A-ki-ba."

"Mimi nimelipa loan," akarudia. Mwenyekiti wetu aliniambia nikae chini. Mwingine akasema, "Dawa ya deni ni kulipa," kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. Mwenzangu akachukua leso yake, akatoka. Mimi nilikunywa chai yangu yote. Nilihisi nimeshinda kitu.

Usiku alinitumia ujumbe mmoja: Jumatatu saa tatu, Sacco. Uje na hiyo karatasi.

Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilimkuta ameshafika, amekaa kwenye lile benchi, simu yake ndogo mkononi, daftari la shule la mwanawe mapajani. Tulisalimiana kama watu wa ofisini. Kijana mwenye tai alimwita loans officer, mama mmoja mwenye miwani, akatuketisha sote wawili mbele ya kompyuta. Alimuuliza mwenzangu kwanza kama anakubali nikae nikisikiliza.

"Akae," akasema. "Yeye ndiye aliandika barua."

Akafungua daftari. Kila mwezi alikuwa ameandika siku, kiasi, na ile namba ya risiti inayokuja na ujumbe wa simu. Ujumbe wenyewe hakuwa amefuta hata mmoja. Mama wa miwani aliusoma wa kwanza, akautazama kwenye kompyuta, akasoma wa pili. Halafu akavua miwani.

"Ukilipa, kwa account number unaandika nini?"

"Namba yangu ya uanachama."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Hakuna herufi mbili za mkopo hapo mbele?"

"Herufi gani?"

Yule mama akageuza kompyuta tukaona. Alieleza polepole, na nadhani alikuwa anatueleza sote. Mwajiri akikata mshahara, hutuma orodha, na ofisi hugawanya yenyewe: hii ya mkopo, hii ya akiba. Lakini mtu akijilipia kwa simu, ni yeye anayeuambia mtambo pesa ziende wapi. Ukiweka namba ya uanachama peke yake, mtambo huzipeleka akiba. Za mkopo lazima zitanguliwe na herufi zake. Na zile notisi hutoka zenyewe mkopo ukifika miezi fulani, hakuna mtu anayeangalia akiba kwanza. "Wewe umelipa," akamwambia. "Umelipa mahali si pake."

Mwenzangu akafunika uso na daftari.

"Lakini nani alikwambia uweke namba peke yake?" mama wa miwani akauliza. Hakuwa analaumu, alikuwa anajaza fomu.

Mimi nilijua. Nilijua tangu aliposema herufi. Wiki ile ya kuachishwa kazi alikuwa amekuja kwangu, ameketi kwenye kiti cha mkeka, akaniuliza, "Sasa nitakuwa nalipa aje?" Na mimi, mjuaji wa mambo yote, nilichukua simu yake nikamwonyesha. Namba ya Sacco hapa. Kwa akaunti, weka namba yako ya uanachama, basi. Ndivyo nilivyokuwa nikilipa mwenyewe miaka yote, na kwangu zilifika sawasawa. Lakini mimi sikuwahi kuwa na mkopo. Nilichokuwa nikiongeza kilikuwa akiba tu.

Nilimtazama. Hakunitazama.

"Nilijiambia tu," akasema. "Nilidhani ni hivyo."

Kulikuwa na nafasi ya mimi kufungua mdomo. Ilikuwa ndefu ya kutosha. Yule mama aliandika sentensi nzima, akageuza karatasi. Niliitazama kalamu yake, na mdomo ule uliokuwa na nguvu za kusoma mistari mbele ya watu kumi na mmoja haukufunguka. Niliona haya, na haya zikanifanya mwoga.

Yaliyobaki yalikuwa ya karatasi. Mwenzangu aliandika barua ya kuomba malipo yale matano yahamishwe kutoka akiba kwenda mkopo, akaambatanisha kopi za ujumbe. Mhasibu akalinganisha namba za risiti. Kamati ya mikopo ilikaa wiki iliyofuata, ikaondoa faini, na notisi ikafutwa kwa barua nyingine, nakala kwetu watatu. Niliipokea kwa yule yule mwenye duka. Sikuisomea pale.

Kwenye chama hakuja tena. Jumamosi iliyofuata mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyesikia habari zake. Nilisema ni mgonjwa. Hata hilo nilidanganya.

Alikuja kwangu mwezi uliofuata, mchana. Nilimwona langoni nikakimbia kuweka chai jikoni, maana kwetu mgeni akikanyaga mlango sufuria iwe motoni. Alikaa kwenye kile kile kiti cha mkeka. Akatoa fomu kwenye bahasha.

"Nimepata mtu wako," akasema. "Yule msichana wa kupiga pasi, alimaliza loan yake. Kamati imekubali. Weka sahihi hapo chini, ya kutoka. Wiki mbili, tatu, watakupa pesa yako."

Nilikuwa nimeingoja fomu hiyo tangu mwezi wa saba. Niliweka sahihi, mwandiko wangu mzuri ukatoka wa ovyo. Nikaenda jikoni, nikarudi na vikombe viwili.

"Nimekunywa nyumbani," akasema.

Miaka kumi na tisa hakuwahi kuniambia hivyo. Hata siku ya matanga alikunywa chai niliyompikia. Niliweka vikombe mezani na nikasema, kwa kuwa sasa hakukuwa na pa kujificha, "Ile namba ni mimi nilikupa. Hapa hapa. Ni mimi."

Alikuwa anakunja fomu. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye mkoba.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja useme pale ofisini."

Nilimsindikiza mpaka langoni. Alinishukuru kwa kumdhamini, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mwenye nyumba anapohama. Kwenye chama niliyasema yote Jumamosi hiyo, nimesimama mahali pale pale, na wanawake wakanisikiliza. Wakamtuma mwenyekiti akamwombe arudi. Hajarudi. Mabati yalipigwa, vyumba vina wapangaji, na kodi huingia kwa simu tarehe tano. Kila ikiingia nausoma ujumbe mpaka mwisho.